Mkojo wa mama umekuwa kama chai ya rangi

Daktari, shikamoo.

Mama yangu ana miaka 71. Miaka sita iliyopita alipata shambulio dogo la moyo, na tangu hapo anameza simvastatini miligramu 40 kila usiku kwa ajili ya kolesteroli, pamoja na amlodipini miligramu 10 ya presha. Hajawahi kulalamika juu ya dawa hizo hata siku moja.

Siku tisa zilizopita alipata homa na kikohozi kizito. Akaandikiwa klarithromaisini miligramu 500, asubuhi na jioni, kwa siku saba. Kifua kimepona. Lakini siku ya sita ya dozi mapaja yalianza kumuuma, juzi akashindwa kunyanyuka kitini bila kuvutwa, na leo hawezi hata kuinua mikono achane nywele. Mkojo wake ni mchache na rangi yake ni ya chai ya rangi. Jirani alimpa diklofenaki, amemeza vidonge vinne.

Jana tulipima mkojo. Karatasi inasema: damu +++, halafu chini, kwenye darubini, chembe nyekundu 0–2. Tukaambiwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, tukapewa vidonge vingine. Ndugu zangu wanasema ni uchovu wa homa na uzee. Mimi roho haitulii. Je, asubiri amalize dawa? Na hii ya kolesteroli aendelee nayo?

Mtoto wa Tatu

Marahaba, binti yangu.

Wasomaji wajue kwamba barua hii haikungoja zamu yake. Nilipofika kwenye ile mistari miwili ya karatasi ya maabara nilimwandikia huyu binti saa ileile: mpeleke mama usiku huu kwenye hospitali yenye maabara na vitanda vya kulaza, usimpe tena simvastatini, wala klarithromaisini, wala diklofenaki, beba pakiti za dawa zote, hata zilizoisha, na ukifika mapokezi sema neno hili, rabdomayolisisi, uombe apimwe CK, kreatinini na potasiamu. Alifanya hivyo. Sasa mama yuko nyumbani, nao wameniruhusu kuyaeleza yaliyotokea.

Nianze na ile karatasi, kwa sababu jibu lote lilikuwa pale na watu wazima watatu walilipita.

Kijiti cha kupimia mkojo hakioni damu. Kinachofanya ni kubadilika rangi kinapokutana na hemu, yaani ile sehemu yenye chuma iliyomo ndani ya hemoglobini. Lakini misuli nayo ina protini yake yenye hemu, inaitwa mayoglobini, ambayo kazi yake ni kuhifadhi oksijeni ndani ya msuli. Kijiti hakijui kuzitofautisha hizo mbili. Darubini ndiyo inayojua, kwa kuwa yenyewe inatafuta chembe nzima nzima za damu. Kwa hiyo kijiti kikipiga kelele "damu +++" na darubini ikajibu kwamba chembe karibu hazipo, mistari hiyo haigombani. Inatuambia kwamba kilichomo kwenye mkojo si damu, na mara nyingi ni msuli ulioyeyuka. Mkojo wenye maambukizi kwa kawaida ungeonyesha chembe nyeupe, na mgonjwa angelalamika kuungua anapokojoa. Huyu mama hakuwa na hayo.

Hiyo ndiyo rabdomayolisisi: seli za misuli zinapasuka kwa wingi na vilivyokuwa ndani yake vinamwagika kwenye damu. Vitatu ndivyo vinavyotushughulisha. Kuna mayoglobini, inayochujwa na figo na kuupa mkojo ile rangi ya chai au ya kahawia. Kuna potasiamu, ambayo ikipanda sana inaweza kuuvuruga mwendo wa moyo, hata kuusimamisha, bila mgonjwa kupata onyo lolote. Na kuna kimeng'enya kinachoitwa kreatini kinasi, ndicho hicho CK, ambacho chenyewe hakidhuru mtu ila kinatusaidia kupima ukubwa wa uharibifu.

Kwa mtu wa kawaida CK huwa chini ya yuniti 200 hivi kwa lita, maabara hupishana kidogo. Tunaanza kulitaja jina la ugonjwa huu CK ikivuka mara tano ya kiwango cha juu, na ikifika maelfu hatubishani tena. Ya mama usiku ule ilikuwa 41,600. Kreatinini, kipimo cha figo, ilikuwa 248 wakati kwa mwanamke wa umri wake tungetarajia chini ya 100. Potasiamu 6.1, na kikomo ni kama 5.

Sasa, vipi dawa aliyoizoea miaka sita imgeuke ndani ya wiki moja? Simvastatini haikugeuka. Aliyeingia nyumbani ni mgeni.

Simvastatini ni dawa inayomezwa ikiwa nyingi ili ipenye kidogo. Ikifika kwenye utumbo na ini inakutana na kimeng'enya ambacho wafamasia wanakiita CYP3A4, nacho kinaikatakata. Kinachofika kwenye mzunguko wa damu ya mwili mzima ni chini ya asilimia tano ya kile kilichomezwa, na dozi ya miligramu 40 imepangwa kwa kuzingatia ukatwaji huo. Klarithromaisini inakifunga kimeng'enya hicho. Kikifungwa, simvastatini inapita bila kuguswa, na kiasi chake kwenye damu hupanda takriban mara kumi. Mama alikuwa anameza kidonge kilekile, rangi ileile, saa ileile, lakini misuli yake ilikuwa inapokea dozi ambayo hakuna daktari angethubutu kuiandika. Ndiyo maana miongozo haisemi "kuwa mwangalifu" kuhusu dawa hizi mbili. Inasema zisitumike pamoja kabisa. Ama simvastatini inasimamishwa kwa muda wote wa antibiotiki na siku chache baada yake, maana kimeng'enya hakiamki siku ya kidonge cha mwisho, ama inachaguliwa antibiotiki nyingine. Azithromaisini, kwa mfano, ni ndugu wa klarithromaisini lakini haikifungi kimeng'enya hicho kwa kiasi cha maana.

Na kulikuwa na jambo la pili, la zamani, ambalo familia haikulijua. Amlodipini nayo humpandishia mtu simvastatini, ingawa kidogo. Tangu mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani imeweka kikomo kwamba anayetumia amlodipini asizidishe simvastatini miligramu 20. Mama alikuwa kwenye 40. Miaka sita hakuna kilichotokea, na wengi wa aina yake hakiwatokei chochote, lakini alikuwa tayari amesogea ukingoni kabla ya klarithromaisini kumsukuma. Ongeza umri wake, homa iliyomkausha maji, na diklofenaki ambayo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo wakati figo zinalemewa na mayoglobini. Simlaumu jirani. Mtu akiumwa mapaja unampa dawa ya maumivu, ndivyo tulivyo. Ila kwa maumivu ya aina hii, diklofenaki na ibuprofeni ndizo za kukaa nazo mbali zaidi.

Kule wodini kazi kubwa iliyofanyika ilikuwa maji. Hakuna dawa ya kuunganisha seli zilizopasuka. Kinachofanyika ni kuzisafisha figo kabla mayoglobini haijaganda ndani ya vijifereji vyake, kwa hiyo dripu ya chumvi iliwekwa kwa kasi, mpira wa mkojo ukawekwa, na muuguzi akawa anapima kila saa akitafuta mililita 200 hadi 300. Kwa mtu mwenye moyo uliowahi kuumia hilo si jepesi: maji yakizidi yanajaa mapafuni, kwa hiyo alisikilizwa kifua mara kwa mara na kasi ikapunguzwa mara mbili. Potasiamu ilishushwa kwa insulini pamoja na glukosi, na akachomwa kalsiamu kuulinda moyo wakati huo. Mashine ya kusafisha damu iliandaliwa. Haikuhitajika.

Binti aliniandikia siku ya tatu kwa furaha kwamba mkojo umekuwa mweupe, akiuliza kama wanaweza kuondoka. Hapana. Mayoglobini huondoka kwenye damu ndani ya saa chache, kwa hiyo rangi ya mkojo inatangulia kupona kabla ya mgonjwa. CK yake siku ya pili ilikuwa imepanda kidogo, 44,000, ndipo ikaanza kushuka: 26,000, kisha 15,000, kisha 9,000. Ikishuka karibu nusu kila siku hivyo, tunajua misuli imeacha kupasuka. Kama ingekuwa inagoma kushuka tungetafuta sababu nyingine. Alitoka siku ya tisa, kreatinini ikiwa 112, akitembea kwa kushikilia ukuta. Ilimchukua wiki sita kunyanyuka kitini bila mikono.

Hapa nataka niseme na wengine wote mnaomeza statini, yaani dawa za kolesteroli za jamii ya simvastatini, kwa sababu najua baadhi yenu mmeshaangalia kabatini.

Ugonjwa huu ni adimu kwelikweli. Makadirio yanayotegemewa ni kwamba watu 10,000 wakimeza statini ya nguvu kwa miaka mitano, watano hivi watapata uharibifu halisi wa misuli, na mmoja kati ya hao anaweza kufika kwenye rabdomayolisisi asipoachishwa dawa mapema. Miongoni mwa watu 10,000 waliokwisha kuugua moyo au kiharusi, dawa hiyo hiyo kwa miaka hiyo hiyo inazuia matukio makubwa kama shambulio la moyo na kiharusi kwa watu wapatao 1,000. Kwa hiyo ukitupa kidonge kwa sababu ya barua hii utakuwa umenisoma vibaya.

Statini moja ndiyo ilistahili kutupwa, nayo ilitupwa. Iliitwa serivastatini, ikaondolewa sokoni mwaka 2001 baada ya vifo vya rabdomayolisisi, vingi vikiwa vya watu waliokuwa wanaitumia pamoja na jemfibrozili, dawa nyingine ya mafuta ya damu, au kwa dozi ya juu. Hata pale, kama unavyoona, mara nyingi kulikuwa na dawa ya pili.

Maumivu ya misuli ya kawaida kwa watu wanaotumia statini ni mengi mno, na mengi yake wala hayatokani na dawa. Goti moja linalouma, mgongo, mkono uliolaliwa vibaya, miguu iliyochoka baada ya kupanda mlima: hayo mengine. Maumivu yanayotokana na statini hupenda kuja pande zote mbili kwa pamoja, na hupenda misuli mikubwa ya mapaja, nyonga, mabega. Hata hayo, yakiwa maumivu tu, yanangoja miadi ya wiki hii: unapima CK, unazungumza na daktari, pengine dozi inapunguzwa.

Kinachobadilisha hali ni udhaifu. Kuuma na kukosa nguvu ni mambo mawili tofauti, na wagonjwa wengi huyachanganya kwa sababu neno "uchovu" linayameza yote. Mimi humwomba mtu akae kwenye kiti cha kawaida, akunje mikono kifuani, asimame. Aliyechoka atanung'unika lakini atasimama. Ambaye misuli yake ya paja inayeyuka ataegemea mbele, atajaribu, atarudi kukaa, na usoni utaona mshangao, kana kwamba miguu ni ya mtu mwingine. Kisha namwomba ainue mikono juu ya kichwa aishikilie kidogo. Huyu mama aligundua jambo hilo kwa kitana. Kama wiki iliyopita uliweza na leo huwezi, hiyo si ya kungoja miadi.

Kuhusu mkojo, kojoa kwenye chombo cheupe au kinachopenya mwanga, ukiangalie dirishani, maana chooni rangi hudanganya. Mkojo wa mtu asiyekunywa maji huwa wa njano iliyokolea, na ukinywa bilauri mbili tatu unaofuata huwa mwepesi. Mkojo wa mayoglobini huelekea wekundu wa kahawia, kama chai ya rangi au soda nyeusi. Kuna wengine wanaofanana nao: mwenye manjano ya ini atakuwa na mkojo mweusi pia, lakini mtazame weupe wa macho; anayetumia rifampisini ya kifua kikuu atakojoa rangi ya chungwa na hilo ni la kawaida kwake. Ila jaribio la kunywa maji ni kwa mtu mwenye nguvu zake. Ukiwa na udhaifu pamoja na rangi hiyo, usikae nyumbani ukipima bilauri. Ni siku hiyohiyo, na kidonge cha statini cha usiku huo kiache hadi uonwe.

Na kinyume chake ni muhimu pia: wagonjwa wengi wa rabdomayolisisi hawapati kabisa mkojo mweusi, au unapita usiku mtu hakuutazama. Mapaja yakikosa nguvu huku mkojo ni msafi, CK bado ipimwe. Kupungua kwa mkojo, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, au moyo kupiga ovyo ni dalili kwamba figo na potasiamu zimeshaingia kwenye mchezo.

Kwa wanaotumia simvastatini au atovastatini, kuna wageni wachache wa kuwauliza kabla hawajaingia. Klarithromaisini na erithromaisini. Dawa za fangasi za kumeza kama itrakonazoli na ketokonazoli. Dawa za virusi vya ukimwi zenye ritonavia. Jemfibrozili, siklosporini, na kwa kiasi fulani amiodaroni, verapamili na diltiazemu. Hata juisi ya balungi kwa wingi hukifunga kimeng'enya kilekile, cha utumbo. Rozuvastatini na pravastatini hazitegemei mlango huo, ingawa zina maadui wao wengine, siklosporini ikiwemo. Sikutegemei ukariri majina haya, mimi mwenyewe huyaangalia. Linalotosha ni kumwambia anayekuandikia dawa mpya, hata ya kikohozi tu: "Natumia simvastatini, je, hii inaelewana nayo?" Mama hakuulizwa na hakusema, kwa sababu alikwenda kwa ajili ya kifua, na dawa ya kolesteroli akilini mwake ilikuwa jambo la kliniki nyingine.

Sasa lile swali lako la mwisho, binti, ambalo usiku ule nilikujibu nusu.

Simvastatini kwake imekwisha. Lakini moyo wake uliowahi kushambuliwa haukupona eti kwa sababu misuli imeumia, na kumwacha bila kinga yoyote miaka yote iliyobaki kuna hatari yake. Daktari wake ana njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kumpa dawa isiyo statini, kama ezetimibi, iliyo salama zaidi kwa misuli ingawa inashusha kolesteroli kidogo. Ya pili ni kujaribu statini isiyopita kwenye CYP3A4, kwa dozi ndogo, baada ya CK kurudi kawaida kabisa. Wapo madaktari wasiokubali njia hii kamwe baada ya rabdomayolisisi, nami nawaheshimu. Kwa mgonjwa ambaye haikujulikana kwa nini aliumia ningekuwa upande wao. Hapa chanzo kinajulikana, kina jina na tarehe, na ndiyo maana mimi ningekuwa tayari kujaribu.

Kabla ya hapo apimwe tezi ya shingo, kipimo cha TSH. Tezi ikiwa dhaifu misuli huumizwa na statini kwa urahisi zaidi, na ni jambo ambalo hupita bila kutazamwa kwa watu wa umri wake. Na CK irudiwe hadi ifike chini ya 200. Ikikwama juu, au udhaifu ukaongezeka tena ilhali hamezi statini yoyote, msikubali kuambiwa ni mabaki. Kuna hali nyingine, adimu zaidi, ambapo kinga ya mwili inaendelea kuishambulia misuli baada ya dawa kuondoka, na hiyo haiponi kwa maji. Hutibiwa kwa dawa za kutuliza kinga, na bingwa wa misuli ataomba kipimo cha kingamwili dhidi ya HMGCR, kimeng'enya ambacho statini hukizuia.

Uliniambia juzi CK ni 310 na amechana nywele mwenyewe. Rudieni kipimo baada ya wiki mbili. Vile vidonge vya maambukizi ya mkojo mlivyopewa awali, daktari wa wodini alishaviondoa. Na zile pakiti zilizobaki za simvastatini zipeleke famasi wakazitupe, kabla hajaziona akadhani amesahau dozi.